Usome nini kabla ya slabu yako ya kwanza: vitabu vya kusimamia mjengo kwa injinia kijana wa Mombasa

Injinia kijana akikabidhiwa saiti yake ya kwanza, wakubwa wake humwelekeza kwenye PMBOK, kile kitabu kinene cha usimamizi wa miradi cha taasisi ya PMI. Ni kitabu cha maana na siku yake itafika, lakini kimeandikwa kwa miradi ya kila aina, wa benki na wa barabara, na hakitakusaidia kujua umuulize nini fundi wa mbao Alhamisi jioni. Napendekeza usome kwa kufuata kazi iliyo mbele yako. Chagua kazi moja kubwa, rudi nyuma wiki sita, kisha kila kitabu ukifungue pale kinapojibu swali la wiki hiyo.

Kazi hiyo iwe slabu ya kwanza. Tuseme umeajiriwa na kontrakta anayejenga fleti za ghorofa nne Bamburi. Slabu ina mita za mraba 240 na unene wa sentimita 15, yaani mita za ujazo 36 za zege, na mihimili inaongeza 9. Jumla ni 45. Zege inachanganywa hapo hapo saiti. Nitatumia mfano huu hadi mwisho, nawe uweke hesabu za mjengo wako mahali pa hizi.

Hatua ya kwanza: mkataba, kabla ya kitabu chochote

Omba nakala ya mkataba ofisini. Majengo mengi ya watu binafsi nchini Kenya hujengwa chini ya masharti ya JBC, baraza la pamoja la sekta ya ujenzi, ya mwaka 1999, lakini usidhani tu, hakikisha wako ni upi, na uangalie vifungu vilivyofutwa au kuongezwa kwa ajili ya kazi yenu. Usiusome kama riwaya. Tafuta majibu ya maswali matatu: nani ana mamlaka ya kukupa maagizo, agizo la mdomo linathibitishwa vipi kwa maandishi, na kazi ikichelewa kwa sababu isiyo yenu, taarifa inapelekwa kwa nani na ndani ya muda gani. Majibu hayo yaandike kwa maneno yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la saiti.

Haya yanahitajika mapema kuliko unavyofikiri. Mwenye jengo atakuja Jumamosi na jamaa zake, atasimama juu ya fomu, aseme, "Injinia, hapa nataka choo kisogee kidogo." Choo kikisogea, tundu la bomba la maji machafu ndani ya slabu linasogea, na vyuma vinavyolizunguka vinabadilika. Mjibu kwa heshima kwamba umesikia na utamfikishia msanifu majengo, kisha umpelekee msanifu ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo. Tundu lisiguswe mpaka jibu lirudi.

Hatua ya pili: wiki sita kabla, msome Ballard

Andiko litakalokufaa kuliko yote wala si kitabu cha dukani. Ni tasnifu ya Glenn Ballard ya Chuo Kikuu cha Birmingham, mwaka 2000, iitwayo *The Last Planner System of Production Control*. Inapatikana bure kwenye mtandao. Sura za nadharia unaweza kuziruka kwa sasa, usome zile zinazoeleza mfumo wenyewe na zile za saiti alizozifuatilia.

Hoja yake ni kwamba ratiba ya ofisini husema kinachopaswa kufanyika, lakini haisemi kama kinawezekana. Anayejua linalowezekana ni mtu wa mwisho katika mnyororo wa kupanga, yule anayewaambia mafundi asubuhi wafanye nini. Kwako huyo ni nyapara. Kwa hiyo mpango wa wiki hutoka kwake, nayo kazi yako wewe ni kuondoa vizuizi mbele yake kabla hajavifikia. Ballard anataka uangalie wiki sita mbele, na kwa kila kazi uulize: mchoro upo? Vifaa vipo? Watu wapo? Kazi inayotangulia imekwisha? Kazi yenye jibu la "bado" haiingii kwenye mpango wa wiki, hata kama ratiba ya ofisini inasema siku yake imefika.

Tuiweke slabu ya Bamburi kwenye mizani hiyo. Chora jedwali la vizuizi lenye safu nne: kitu gani, kinahitajika lini, nani anakifuatilia, kimeondoka lini. Utaona mengi ni ya kawaida, kama vyuma, mbao, nguzo za kuegemeza fomu na paipu za umeme. Mawili nataka uyakalie, maana ndiyo huwaponyoka vijana hapa Mombasa.

La kwanza ni maji. Ukitumia kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, na maji nusu ya uzito wa saruji, kila mita inahitaji takriban lita 175, na mita 45 zinahitaji karibu lita 7,900. Injinia akiona hivyo huagiza lori moja la lita 10,000 akapumua. Lakini slabu ikishamwagwa lazima inyweshwe maji. Ukikadiria lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, mita 240 zinakunywa lita 1,200 kila siku, na kwa siku saba ni lita 8,400. Kuna pia maji ya kuosha mashine na ya watu kunawa. Kwa hiyo lori la pili liwe limeagizwa na pa kuyahifadhi maji pawe tayari wiki mbili kabla. Jua la Bamburi na upepo wa bahari huikausha slabu kwa saa chache, na utajua umechelewa ukiona nyufa nyembamba zimetambaa juu ya zege jioni ile ile.

Usikubali kuambiwa kwamba kisima cha jirani kitatosha mpaka maji yake yamepimwa. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na chumvi ndani ya zege hula vyuma. Madhara yake hayaonekani mwaka huu. Baada ya miaka kadhaa zege chini ya slabu inapasuka na kubanduka, na kutu inachungulia. Mchanga nao una hatari hiyo hiyo ukitoka ufuoni, kwa hiyo uliza umetoka wapi kabla haujamwagwa saitini, kwa sababu ukishamwagwa kila mtu atakubembeleza uutumie.

La pili ni mwendo wa mashine. Mita 45 kwa mifuko 7 kila moja ni mifuko 315. Mashine ndogo ya mfuko mmoja, ikilishwa vizuri, hutoa mchanganyiko mmoja kila dakika tano, yaani mifuko 12 kwa saa. Mashine mbili zitamaliza mifuko 315 kwa saa 13. Mkianza saa moja asubuhi mtamaliza saa mbili usiku, mafundi wamechoka, mnamulikiana kwa simu. Mashine tatu zinamaliza kwa saa tisa hivi, na pamoja na mapumziko mmeshamaliza saa kumi na moja jioni. Kama mashine ya tatu na watu wa kuilisha hawapatikani, mtafute mhandisi wa miundo sasa, akuonyeshe kwenye mchoro mahali zege inaweza kukatiwa na kuendelezwa kesho yake. Mahali hapo hapachaguliwi na giza. Swali hili likiulizwa wiki sita kabla linajibiwa kwa simu moja.

Angalia pia kalenda. Masika ya Mombasa hushika Aprili hadi Juni, na Mei ndio kilele chake. Mwezi wa Ramadhani mafundi wengi wamefunga, basi siku ya kumwaga zege saa tisa mfululizo juani haipangwi bila kukaa nao kwanza. Na Ijumaa si siku ya slabu: zege haiachwi katikati watu wakaenda kuswali wakarudi.

Mkutano wa Alhamisi

Kila Alhamisi kaa na nyapara na mafundi mpange wiki inayofuata. Ballard anataka ahadi za wiki zitolewe na wanaozitekeleza, na anataka mtu awe na uhuru wa kusema "hapana, haitawezekana." Hapa ndipo injinia wa miaka 25 anapopata shida. Nyapara wako huenda ana umri wa baba yako. Unamwamkia shikamoo kila asubuhi, na ndivyo inavyopasa. Sasa kijana akimwuliza mzee mbele ya watu, "Vyuma vitakuwa vimefungwa Jumatano?" mzee hatasema hapana. Atasema, "Inshallah, injinia." Jibu hilo ni la kweli na la heshima, lakini hujajua bado kama nondo zimefika.

Swali libadilishe. Mwulize, "Mzee, ni kitu gani kinaweza kutuzuia Jumatano?" Sasa unamwomba ujuzi wake, hujamtilia shaka. Atakuambia nondo za milimita 12 zimebaki chache, au fundi mmoja ana arusi Kilifi. Hivyo ndivyo vizuizi vyako, viandike. Kama havitaondoka kabla ya Jumatano, ahadi ipunguzeni pamoja, mkubaliane kufunga mihimili peke yake.

Mwisho wa wiki hesabu ahadi zilizotimia juu ya zilizotolewa. Kumi zilitolewa, sita zikatimia kikamilifu, basi ni 60 kwa 100. Iliyotimia nusu huhesabiwa haikutimia. Usiaibike na namba hiyo: Ballard na mwenzake Greg Howell walipozipima saiti za Marekani miaka ya 1990 walikuta wastani wa karibu 54. Cha kutazama ni sababu. Kwa kila ahadi iliyovunjika andika sababu moja, na baada ya wiki nne utaona kama inajirudia. Mara nyingi si uvivu wa mafundi kama ofisi inavyodhani. Utakuta ni michoro isiyojibiwa au vifaa vilivyochelewa, mambo ambayo ni yako wewe na ofisi yako kuyafuatilia. Namba hii isitumiwe kumkaripia nyapara hata mara moja, kwa sababu wiki inayofuata atatoa ahadi nyepesi tu, nawe utakuwa na 100 kwa 100 huku slabu haisogei.

Hatua ya tatu: wiki nne kabla, Goldratt, lakini kwa tahadhari

Eliyahu Goldratt alikuwa mwanafizikia wa Israeli aliyeandika mawazo yake ya usimamizi kwa njia ya riwaya. Kinachojulikana zaidi ni *The Goal* cha 1984, ambacho ni cha kiwandani. Wewe soma *Critical Chain* cha 1997, kinachohusu miradi. Ni hadithi ya mwalimu wa chuo na darasa lake la mameneja, unaweza kukimaliza Jumamosi na Jumapili.

Anasema kila mtu akiulizwa kazi itachukua siku ngapi huongeza siku za usalama mfukoni mwake, kisha siku hizo zinapotea, kwa sababu anayejua ana muda huanza kwa kuchelewa, na anayemaliza mapema hasemi. Dawa yake ni kuzitoa siku hizo kwenye kila kazi na kuweka sehemu yake mwishoni mwa mnyororo, ziwe akiba ya wote.

Kwenye slabu yetu, fundi wa mbao alisema siku 10, wa vyuma 6, wa umeme na mabomba 3, ukaguzi 2. Jumla 21. Goldratt angekata nusu, lakini sikushauri umwendee fundi hivyo, atakuona hujui kazi. Waulize: "Kama vifaa vyote viko na hakuna wa kukusimamisha, siku ngapi?" Tuseme unapata 7, 4, 2 na 1. Jumla 14, umeokoa 7. Karibu nusu yake, siku 4, ziweke kabla tu ya siku ya kumwaga, na kila mtu azione ukutani. Slabu sasa ni ya siku ya 19 badala ya 22. Fomu zikichukua siku 9 badala ya 7, umetumia mbili za akiba na bado umo salama. Zikiisha tatu kabla vyuma havijakamilika, itisha kikao siku hiyo hiyo, usingoje Alhamisi.

Tahadhari yangu ni hii: hesabu ya Goldratt ni ya tabia za watu, haihusu zege. Siku za kunywesha maji na siku za kuacha nguzo chini ya slabu hazikatwi kwa kitabu chochote. Hizo huamuliwa na mhandisi wa miundo, akiangalia matokeo ya vipande vya zege vilivyopimwa maabara siku ya 7 na ya 28. Soma pia namba kwenye mfuko. Saruji nyingi ya 32.5 inayouzwa kwetu imechanganywa na pozolana na hupata nguvu polepole siku za mwanzo, kwa hiyo kama mchoro unataka 42.5 na saiti imeletewa 32.5, mzigo urudi ulikotoka.

Hatua ya nne: wiki ya kumwaga, sura moja ya Gawande

Atul Gawande ni daktari wa upasuaji wa Boston. Katika *The Checklist Manifesto*, kitabu cha 2009, kuna sura ya tatu inayohusu ujenzi: alikwenda kwenye jengo refu lililokuwa likijengwa mjini kwao akaone wajenzi hawasahau vipi. Alikuta orodha mbili ukutani. Moja ni ya kazi na tarehe zake. Ya pili ndiyo iliyomshangaza, na ndiyo ninayotaka uiige: orodha ya mazungumzo, nani lazima azungumze na nani, juu ya jambo gani, kabla ya tarehe gani, na kazi haiendelei mpaka wamezungumza.

Kwa slabu ya Bamburi orodha hiyo ni fupi. Fundi wa umeme na fundi wa vyuma waonane kabla safu ya juu ya vyuma haijawekwa, la sivyo paipu zitalazimishwa kupita juu na kuviinua vyuma. Fundi bomba na msanifu wathibitishe mahali pa matundu. Wewe na mhandisi wa miundo mkague vyuma pamoja, na atie sahihi kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Kisha andika orodha ya asubuhi ya kumwaga. Gawande anashauri mambo matano hadi tisa, mtu ayasome kwa sauti kazi ikiwa imesimama. Yangu yangekuwa saba: sahihi ya ukaguzi ipo, biskuti za zege ziko chini ya vyuma kila mahali na zina unene ulioandikwa kwenye mchoro, nguzo zimekaa imara na hakuna inayosimama juu ya mchanga mtupu, vaibreta mbili zimewashwa zikafanya kazi, maji yamejaa, vyombo vya kuchukulia vipande vya kupimwa vipo vikiwa vimepakwa mafuta, turubai la mvua liko juu, halijafungiwa stoo. Msomaji awe nyapara. Wewe zunguka ukaguse kila kimoja kwa mkono. Vaibreta ya pili ikikosekana, ngojeni mpaka ifike, kwa sababu moja ikizima katikati ya mhimili mtabaki na matundu ndani ya zege, nanyi mtayaona siku ya kufungua fomu, wakati hayatengenezeki vizuri tena.

Baada ya slabu

Kuna kitabu utakachotajiwa na marafiki wanaofanya kazi za kompyuta, *The Mythical Man-Month* cha Fred Brooks, 1975. Kina jambo moja la kukufaa: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Saitini hiyo si kweli kila mara, maana vibarua wa kubeba kokoto ukiwaongeza kazi inakimbia. Kwa kufunga vyuma vya mihimili ni kweli tupu: nafasi ni moja, na mafundi wageni lazima waelekezwe na wale wale waliochelewa.

PMBOK ifungue miezi ya baadaye, ukianza kuandaa taarifa za ofisi au kujiandaa kwa mtihani wa PMI. Kabla yake soma *How Big Things Get Done* cha Bent Flyvbjerg na Dan Gardner, 2023. Flyvbjerg amekusanya kumbukumbu za maelfu ya miradi duniani, na anashauri kwamba ukitaka kukadiria muda wa kazi yako usianze na matumaini yako, anza na muda ambao kazi kama hiyo ilichukua kweli kwa wengine. Wewe huna maelfu ya miradi, lakini una slabu moja na daftari. Kama ulipanga siku 19 tangu fomu ya kwanza hadi kumwaga na zikawa 24, basi slabu ya ghorofa ya pili inaanza na 24, kisha unaondoa siku pale tu unapoweza kuonyesha sababu iliyoondoka: mbao sasa zimeshakatwa na zinatumika tena, matundu ni yale yale. Ofisi ikikutaka uandike 19 tena, wapelekee ukurasa wa sababu za ahadi zilizovunjika, mwulizane ni zipi kati yake wao watakazoziondoa.